Masaa 21 kabla ya sindano ya kwanza: kisa cha kijana wa bweni na homa ya uti wa mgongo

Hiki ni kisa cha mvulana wa miaka 16 tuliyempokea hospitalini kwetu, kidato cha tatu, shule ya bweni huku Tanzania bara. Jina, shule na wilaya nimeviondoa na kuna vitu viwili vitatu nimebadilisha asitambulike, ila mtiririko wa masaa nimeuacha, maana kisa chote kiko kwenye masaa. Ugonjwa ni homa ya uti wa mgongo ya bakteria, ile wengi tunaiita meninjaitisi, na bakteria mwenyewe alikuwa meningokoka. Wapo bakteria wengine wanaoleta ugonjwa huu lakini huyu ndo ana kasi ya kutisha, mtu anacheza mpira leo jioni na kesho jioni yuko mahututi.

Jumapili kijana alicheza mpira kweli, akala wali na maharage kama wenzake, akaingia prepu. Kwenye saa 3 usiku akamwambia jirani yake wa dawati kwamba kichwa kinamuuma, anasikia baridi na koo linamkera. Akavaa sweta akaendelea kusoma. Saa 7 usiku akaamka anatetemeka hasa, akatapika mara moja, mwenzake wa kitanda cha juu akashuka akampa panado mbili na maji. Mpaka hapo kiukweli hakuna mtu angeweza kusema hii ni nini. Homa, kichwa, baridi, kutapika, hiyo ni malaria, ni mafua makali, ni chochote. Nalisema mapema kwa sababu watu wakishajua kisa kiliishaje huwa wanalaumu hata usiku ule wa kwanza, na hiyo si haki.

Asubuhi ni habari nyingine. Saa 12 alishindwa kwenda mstarini, matroni akaingia bwenini akamkuta amejikunja, akamgusa paji la uso, moto. Kijana akalalamika kitu ambacho matroni alikikumbuka vizuri sana tulipomuuliza baadaye, kwamba miguu inamuuma, si goti wala kifundo, miguu mizima, hata kwenda chooni alikuwa anashika ukuta. Matroni alipomshika mkono amwinue akakuta mkono wa baridi. Kichwa na kifua vinachoma, viganja na nyayo baridi. Akadhani ni ile baridi ya homa inayopanda, akamwongezea blanketi la pili na panado nyingine, akamwambia "pumzika mwanangu, saa tatu tutakupeleka zahanati."

Hapa ndo pa kusimama kidogo, maana wengi tukisikia homa ya uti wa mgongo tunawaza shingo ngumu na vipele, tunakaa tunavisubiri, na hivyo viwili mara nyingi huchelewa. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2006, uliwaangalia watoto na vijana 448 waliougua meningokoka, ukawauliza wazazi kitu gani kilianza na saa ngapi. Karibu robo tatu yao walikuwa na dalili za mapema za damu kuchafuka, yaani maumivu ya miguu, mikono na miguu kuwa baridi, na ngozi kubadilika rangi, na dalili hizo zilianza kwa wastani kwenye masaa 8 ya kwanza. Shingo ngumu, kuogopa mwanga, madoa na kuchanganyikiwa vilikuja baadaye sana, kati ya saa ya 13 na ya 22. Kijana wetu alipolalamika miguu alikuwa kwenye saa ya 9. Alikuwa anafuata mkondo ule ule.

Sababu yake ni hivi. Meningokoka anakaa kooni kwa watu wengi tu bila kuwadhuru, wanamwambukizana kwa kukohoa, kupiga chafya, kunywea kikombe kimoja, kulala wamebanana. Kwa wachache anapenya ukuta wa koo anaingia kwenye damu, huko anazaana haraka na kumwaga sumu inayotoka kwenye ganda lake. Sumu hiyo inafanya mishipa midogo ya damu ivuje, mwili unaona damu haitoshi unaanza kuinyima mikono na miguu ili moyo na ubongo vipate. Ndo ubaridi huo, na ndo sehemu ya maumivu hayo. Sasa ni kweli hata homa ya kawaida ikiwa inapanda viganja hupoa, ila hupata joto tena homa ikishatulia. Ukitaka kujua, bonyeza kucha ya mgonjwa kama sekunde tano mpaka pawe peupe, achia uangalie rangi inarudi baada ya muda gani. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili au tatu na mtu hayuko kwenye kijibaridi, damu haifiki vizuri. Huo ni mgonjwa wa kupelekwa sasa hivi, iwe ni meninjaitisi au kitu kingine.

Saa 3 asubuhi akapelekwa zahanati ya karibu. Wagonjwa wengi, muuguzi mmoja na tabibu mmoja. Akapimwa kile kipimo cha haraka cha malaria cha tone la damu, mistari miwili ikatokea. Akaandikiwa dawa ya mseto na panado, akarudishwa bwenini. Hakuna aliyegusa shingo wala kumvua soksi.

Kipimo hakikuwa kibovu. Shida ni kwamba vipimo vingi vya aina hii huku kwetu vinatafuta protini inayotolewa na vimelea vya malaria, na protini hiyo inabaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa kwa dawa. Kijana huyu alikuwa ametibiwa malaria wiki mbili kabla, matroni anajua, daftari la shule linaonesha, ila swali halikuulizwa. Na hata angekuwa na vimelea hai bado isingetosha, kwa sababu maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kutembea na vimelea wachache bila kuumwa halafu akapata homa kutokana na kitu kingine kabisa. Malaria na meninjaitisi zinaweza kuwa kwa mtu mmoja siku moja. Kipimo cha malaria kikitoka chanya kinakwambia kuna malaria, hakikwambii hakuna kingine. Na kikitoka hasi ndo hatari nyingine inaanza, mtu anaambiwa basi ni taifodi au yutiai, anapewa vidonge vya antibayotiki vya kunywa nyumbani. Vidonge hivyo haviutibu ugonjwa huu, vinaweza tu kuufifisha kidogo ukawa mgumu zaidi kuutambua.

Mchana akameza mseto akautapika. Wenzake waliopita bwenini baada ya chakula wanasema alikuwa amegeukia ukutani, shuka limefunika uso, na mmoja alipofungua dirisha akapiga kelele lifungwe. Mwanga unamuumiza. Hakuna aliyeona kama ni jambo la kuripoti, na mimi siwalaumu, ni watoto, kwao mwenzao alikuwa na malaria na dawa ameshapewa.

Saa 9 alasiri akaanza kuongea visivyoeleweka. Anamwita mdogo wake aliyeko nyumbani, anauliza basi limefika wapi, ukimwita kwa jina anachelewa kuitika. Sasa mtu yeyote aliyesoma bweni anajua kitakachofuata, kukasemwa mapepo. Wanafunzi wakakusanyika, wakaanza kumwombea, ikapita kama nusu saa. Maombi hayana ubaya na yanaweza kuendelea hata ndani ya gari, ila mtu mwenye homa akianza kuchanganyikiwa huo ni ubongo unaoumwa mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna saa ya kupoteza hapo. Mtoto mdogo mwenye homa akishtuka degedege ni hivyo hivyo.

Aliyevunja duara hilo ni yule mwenzake wa kitanda cha juu. Alitaka kumkanda miguu kwa sababu aliikumbuka inauma, akamvua soksi. Kwenye kifundo, pale mpira wa soksi ulipobana, akaona vidoa. Akamkimbilia matroni: "Mama, njoo uone, ana madoa kama ya damu."

Madoa yenyewe nitayaeleza kwa karibu maana ndo kitu ambacho watu wengi hawajawahi kuonyeshwa. Yalikuwa madogo, kama ncha ya kalamu, bapa kabisa, ukipitisha kidole husikii kitu. Hayawashi. Rangi ni zambarau iliyokolea kuelekea weusi. Ukiyabonyeza hayapotei, na hilo ndo jambo lenyewe, kwa sababu kipele cha mzio au cha kuumwa na mbu ni damu iliyojaa ndani ya mshipa, ukikandamiza inasukumwa inaondoka pakawa peupe, lakini hii ni damu iliyovuja nje ya mshipa ikakwama chini ya ngozi, ukandamize utakavyo haiendi popote. Ndo maana watu hutumia glasi ya maji iliyo safi, unaigandamiza pembeni yake juu ya ngozi unaangalia kwa kupitia kioo. Doa likibaki linaonekana, ni dharura.

Kwenye ngozi yetu nyeusi hili linahitaji akili ya ziada. Mapajani au mgongoni unaweza usione kitu wakati yapo tele. Angalia palipo na rangi nyepesi: viganja, nyayo, ndani ya kope la chini ukilivuta, na kaakaa yaani paa la mdomo kwa tochi ya simu. Angalia pia panapobanwa na nguo, kiunoni kwenye mkanda, kifundoni kwenye soksi. Na mvue nguo, mgonjwa wa homa asiyeeleweka usimkague akiwa amevaa trakisuti. Ila naomba hili lisisomwe kinyume, kukosa madoa si salama. Meninjaitisi ya nyumokoka, bakteria yule yule wa nimonia, kwa kawaida haina madoa na inaua vilevile, na hata meningokoka anaweza kuja bila hayo au akaanza na vipele vya kawaida vinavyopotea ukibonyeza, halafu baada ya saa chache vikabadilika.

Matroni alipoyaona hakusubiri tena, na nampongeza kwa hilo. Lakini gari la shule lilikuwa limeenda mjini kuchukua unga, dereva akapigiwa simu akasema yuko njiani, njiani ikawa karibu saa nzima na nusu. Walifika kituo cha afya saa 12 jioni. Ukihesabu toka ile baridi ya kwanza ya prepu ni masaa 21.

Pale kituoni walikutana na tabibu ambaye alifanya kila kitu kwa usahihi, na kisa hiki nakiandika hasa kwa ajili ya alichofanya. Kwanza shingo. Hakumwambia tu kijana "inamisha kichwa" halafu aridhike. Alimlaza chali bila mto, akaweka mkono nyuma ya kichwa chake, akakiinua taratibu ili kidevu kiende kifuani. Kwa mtu mzima wa afya kidevu kinafika. Hapa kichwa kilinyanyuka kidogo tu, shingo ikakaza, mabega yakanyanyuka pamoja na kichwa, kijana akakunja uso, na magoti yake yakajikunja yenyewe. Halafu akakigeuza kichwa kulia na kushoto, kikaenda bila shida. Tofauti hiyo ni muhimu, maana mtu aliyelala vibaya au mwenye tezi zilizovimba shingo inamuuma pande zote hasa akigeuka, ila kwenye meninjaitisi kinachogoma ni kuinama mbele, kwa sababu ndo kunavuta zile ngozi laini zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, na ndo zilizovimba. Akamkunja goti na nyonga kisha akajaribu kunyoosha goti, likagoma kwa maumivu nyuma ya paja, sababu ni ile ile.

Shingo nayo ina mipaka yake. Kichanga shingo haikazi kirahisi, yeye unamwangalia utosi kama umevimba na kukaza akiwa ametulia hajalia, kama amegoma kunyonya, kama analia kwa sauti nyembamba isiyo yake, au amelegea tu na hashtuki. Kwa watu wazima, madaktari wa Uholanzi walipopitia wagonjwa karibu 700 wa meninjaitisi ya bakteria, matokeo yakatoka 2004, wenye zile dalili tatu za kitabuni kwa pamoja, homa na shingo ngumu na fahamu kuyumba, hawakufika nusu. Lakini ukiongeza maumivu ya kichwa zikawa nne, karibu wote, 95 kwa mia, walikuwa na angalau mbili kati ya hizo nne. Kwa hiyo sheria ya kutembea nayo ni mbili. Homa na kichwa kikali visivyoeleweka, homa na kuchanganyikiwa, kichwa na shingo, tayari unatakiwa umfikirie meninjaitisi, ukisubiri zikamilike utampata mgonjwa akiwa ameshaharibika.

Kingine alichofanya tabibu yule, akachoma antibayotiki ya seftriaksoni gramu 2 kwenye mshipa, taratibu, palepale, kabla hata ambulensi haijaitwa. Kwa mtoto ni miligramu 80 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito, isizidi dozi ya mtu mzima, na mshipa ukikosekana inachomwa kwenye msuli, ikiwa nyingi inagawanywa sehemu mbili. Kuna hofu imezoeleka kwenye vituo vidogo kwamba ukichoma antibayotiki kabla ya kupima maji ya uti wa mgongo utafuta ushahidi na hospitali kubwa watakulaumu. Ni kweli bakteria wanaweza wasiote maabara baada ya dozi ya kwanza, meningokoka hasa, masaa mawili tu yanatosha. Lakini chembe nyeupe, protini na sukari kwenye maji hayo hazirudi kawaida haraka hivyo, ugonjwa bado utaonekana. Anayeshuku meninjaitisi na ana safari ya kumpeleka mgonjwa mbali, achome kwanza, aandike dawa gani, kiasi gani na saa ngapi kwenye karatasi ya rufaa. Yeye aliandika "saa 12:15 jioni" na akapiga simu hospitali kuwaambia anakuja nani na ana nini.

Tulimpokea saa 2 usiku. Presha 80 kwa 50, mapigo 136 kwa dakika, kucha ikibonyezwa rangi inarudi baada ya sekunde tano, fahamu 12 kati ya 15. Yale madoa ya kifundoni yalikuwa yamefika mapajani na kiunoni, na moja kwenye ugoko lilikuwa limeungana na jirani zake likawa bapa kubwa kama sarafu ya mia mbili. Ndani ya masaa mawili. Akapewa oksijeni, maji ya mshipani yakaenda kwa vipimo huku tukimwangalia upya kila baada ya chupa, damu ikachukuliwa ya kuotesha bakteria, sukari ikapimwa maana mgonjwa wa hivi inaweza kushuka, na akatengwa na wengine masaa 24 kwa sababu kabla ya hapo anaweza kuambukiza. Kumchoma sindano ya mgongo usiku ule hatukufanya. Mgonjwa mwenye presha iliyoanguka na fahamu inayoyumba unaweza kumzidishia ukimkunja kumtoa maji, na dawa ilikuwa imeshaingia, hakuna ambacho kingebadilika kwenye matibabu. Kesho yake mchana presha iliposhika na fahamu kurudi 15 tukayatoa. Maji hayo kwa mtu mzima wa afya ni meupe yanaonyesha ng'ambo, yake yalitoka kama maji uliyooshea mchele. Chembe nyeupe nyingi, sukari chini, protini juu, na kwenye darubini wakaonekana wale bakteria wawiliwawili waliokaa kwa jozi. Hawakuota, kama tulivyotegemea.

Mama yake alifika alfajiri ya Jumanne kwa basi. Swali lake la kwanza lilikuwa lile la wazazi wote: "Daktari, mtoto wangu angekuja Jumatatu asubuhi ingekuwaje?" Nilimjibu ninavyoamini.

Ugonjwa huu unaharibu kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni ya damu, ile niliyoeleza, mishipa inavuja, presha inaanguka, na wakati huohuo damu inaganda vipande vidogo vidogo ndani ya mishipa myembamba, nyama zinazotegemea mishipa hiyo zinakufa. Ndo ncha za vidole vya miguu na mikono zinageuka nyeusi. Figo zinaweza kusimama. Nyingine ni ya ubongo. Bakteria akishafika kwenye yale maji yanayozunguka ubongo anakuta askari wa mwili ni wachache sana, anazaana karibu bila kipingamizi, na askari wakija baadaye kwa wingi vita yao ndo inavimbisha kila kitu. Fuvu halitanuki. Shinikizo likipanda damu inashindwa kuingia kwenye ubongo, ndo kuchanganyikiwa, degedege, kisha kuzimia. Sikio la ndani lina njia inayounganika na maji hayo, kwa hiyo uchafu wa vita unaingia mpaka kwenye chembe za kusikilia na zikifa hazioti tena. Dawa inaua bakteria, haifufui kilichokufa. Ndo maana masaa yana uzito hivi: kila saa kabla ya sindano bakteria wanaongezeka, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo sumu inavyozidi.

Bila matibabu nusu ya wagonjwa au zaidi wanaweza kufa. Wakitibiwa vizuri bado takriban mmoja kati ya kumi wa meningokoka hufa. Ukitaka kuona kuchelewa kunafanya nini kwa jamii nzima tazama Banalia, jimbo la Tshopo kule Kongo, 2021. Watu walikuwa wanaumwa na kufa huku ugonjwa haujajulikana, mpaka sampuli zikapelekwa taasisi ya Pasteur Paris zikathibitisha meningokoka wa kundi W. Mlipuko ulipotangazwa Septemba mwaka huo walishahesabiwa wagonjwa 261 na vifo 129, yaani karibu nusu. Mwaka 2009 jimbo hilohilo, mjini Kisangani, mlipuko uligusa watu 214 wakafa 15. Najua hesabu za mwanzo wa mlipuko huwa zinakosa wagonjwa wepesi, kwa hiyo silinganishi kwa senti, lakini tofauti ya namna hiyo haielezeki bila kutaja kuchelewa kutambua na kuchelewa kutibu.

Kwa hiyo nilimwambia mama kwamba Jumatatu saa 3 asubuhi, pale zahanati, presha yake pengine ilikuwa bado inashika, madoa yalikuwa hayajatoka au machache, na fahamu timamu. Dozi ileile ya seftriaksoni ingeingia masaa tisa mapema. Siwezi kuahidi angetoka mzima kabisa, ila ndo ilikuwa nafasi yake bora. Usiku wa kwanza haukuwa na nafasi. Asubuhi ya miguu baridi ilikuwa nayo. Ile saa moja na nusu ya kusubiri gari ilikuwa nayo pia, na hiyo ndo inaniuma zaidi kwa sababu wakati huo kila mtu alishajua ana mgonjwa mahututi. Bodaboda mbili, bajaji ya jirani, gari la mwalimu, chochote.

Kijana alipona. Alichomwa seftriaksoni kila baada ya masaa 12 kwa siku 7, madoa yakafifia, lile kubwa la ugokoni likawa kidonda kilichochukua wiki kufunga, na ncha za vidole viwili vya mguu wa kushoto zilikufa zikaondolewa. Kabla hajatoka tulimpeleka kupimwa masikio, sikio la kulia halisikii. Kipimo hiki kisisubiri, kinatakiwa kifanyike kabla ya kuruhusiwa au ndani ya wiki nne, kwa sababu baada ya meninjaitisi sikio la ndani linaweza kuanza kujaa mfupa, na likishajaa hata kifaa cha kupandikiza kinakuwa kigumu kuwekwa. Kwa mtoto mdogo ambaye hawezi kusema hasikii ni muhimu mara dufu, mzazi anaweza kudhani mtoto amekuwa mkaidi au amechelewa kuongea kumbe ni uziwi.

Shuleni nako kulikuwa na kazi ya haraka. Mganga wa wilaya alijulishwa usiku uleule tuliompokea kijana, na asubuhi wakapewa dawa ya kinga wale waliokuwa karibu naye kwelikweli siku saba kabla hajaumwa: wa chumba chake, waliochangia naye kikombe na sahani, na yule wa kitanda cha juu. Siprofloksasini miligramu 500 mara moja tu kwa mkubwa inatosha kumwondoa bakteria kooni, mjamzito anachomwa seftriaksoni miligramu 250 kwenye msuli. Inatakiwa ndani ya masaa 24 ikiwezekana. Shule nzima haikupewa na haikufungwa, ingawa wazazi walipiga simu wakitaka hivyo, maana aliyekaa darasa la jirani hana hatari hiyo na dawa ikimwagwa ovyo inazalisha usugu. Wote waliambiwa kitu kimoja: kwa siku 10 zijazo yeyote akipata homa, kichwa au miguu kuuma asiende kwa matroni kuomba panado, apelekwe kituo cha afya kilekile, na atakayempeleka aseme wazi kwamba bwenini kwao kuna aliyeugua meninjaitisi. Wawili walipelekwa, mmoja mafua, mmoja malaria ya kweli, wote wakavuliwa soksi na kukaguliwa shingo kabla ya kupewa dawa.